Kiwanda cha Bilioni 3.6, Hisa za Bilioni Ngapi?

Ndugu watatu wa Kigoma wamerithi kiwanda cha kukamua mawese upande wa Mwandiga. Kaka mkubwa ndiye anayekiendesha, mdogo wao anaishi Dar es Salaam, na dada yao, mwenye asilimia 40 ya hisa, anataka kuwauzia wenzake sehemu yake aondoke. Binamu mmoja aliyesomea biashara akachukua hesabu zilizokaguliwa na kupata faida ya shilingi milioni 878 kabla ya riba, kodi na uchakavu. Akasikia kwamba kampuni za namna hiyo huuzwa kwa mara 6.6 ya faida hiyo, akazidisha, akapata bilioni 5.8. Asilimia 40 ya hapo ni bilioni 2.3. Dada akaridhika, kaka akashika kichwa.

Familia hii nimeitunga, na namba zake nimezichagua ziwe nyepesi kuzidisha. Ila ugomvi wa aina hiyo si wa kutunga, na karibu kila mara chanzo chake ni kimoja: watu wamepata thamani ya kitu kimoja, wakagawana kana kwamba ni kitu kingine. Kile alichozidisha binamu, hata kama angezidisha vizuri, ni thamani ya shughuli nzima ya kiwanda bila kujali nani amekigharamia. Humo ndani ana chake mwenye hisa, na ana chake benki. Dada anauza hisa. Kwa hiyo kuna safari ya pili, kutoka thamani ya shughuli hadi thamani ya hisa, na wapimaji wa kampuni huiita daraja. Binamu hakuvuka.

Tuanze na ile milioni 878 yenyewe. Faida hii, ambayo kwenye taarifa za fedha na kwenye kompyuta utaiona ikiandikwa EBITDA, hupatikana kwa kurudi nyuma. Kiwanda kilibakiwa na milioni 438 kabla ya kodi. Unarudisha riba ya benki, milioni 190, kwa sababu riba ni habari ya nani aliyekopesha na si ya uwezo wa mitambo kukamua. Kisha unarudisha uchakavu wa mitambo, milioni 250, ambao kila kampuni huuhesabu kwa mtindo wake. Jumla ni 878. Kwa kuwa riba imerudishwa, faida hii ni ya wote wawili, benki na wenye hisa. Ndiyo maana ukiizidisha unapata thamani ya wote wawili. Anayechukua faida halisi, ile iliyokwisha kutolewa riba na kodi, akaizidisha kwa kizidishi cha EBITDA, kisha akatoa mikopo, amemlipa mkopeshaji mara mbili.

Lakini milioni 878 si faida ya kiwanda. Ni faida ya kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari la kampuni, na daftari la kampuni ya familia hubeba mengi. Ndani yake kuna kodi ya pango ya nyumba moja ya Ujiji, milioni 30 kwa mwaka. Nyumba ile haikamui chochote. Tunaitoa kwenye faida, na tutaikumbuka baadaye, maana bado ni mali ya kampuni. Halafu kuna mshahara wa kaka mkubwa. Anajilipa milioni 2 kwa mwezi, wakati meneja wa kuajiriwa mwenye uwezo wa kusimamia kiwanda kama hicho asingekubali chini ya milioni 6. Tofauti ni milioni 48 kwa mwaka, na nayo inatoka, kwa sababu anayenunua biashara hanunui huruma ya kaka kwa kampuni ya marehemu baba yake.

Dada naye ana ombi. Mwaka huo boila lilipasuka na matengenezo yakala milioni 70. Anasema hiyo ilikuwa ajali, irudishwe kwenye faida. Hoja hii hutolewa na kila muuzaji, na dawa yake ni kufungua daftari la matengenezo la miaka minne. Humo tunakuta mwaka wa kwanza milioni 55 kwa shinikizo la kukamulia, wa pili milioni 60 kwa jenereta, wa tatu milioni 65 kwa matangi yaliyovuja. Boila hupasuka mara moja, ila kiwanda hiki huharibikiwa na kitu fulani kila mwaka kwa gharama inayokaribiana. Hiyo ni gharama ya kawaida iliyobadilisha jina tu, kwa hiyo hairudishwi. Baada ya marekebisho tunabaki na 878 kutoa 30 kutoa 48, yaani milioni 800.

Kabla ya kuishika hiyo 800, lazima tuulize mwaka wenyewe ulikuwaje. Bei ya mawese hupanda na kushuka kwa mambo yanayotokea mbali sana na Ziwa Tanganyika. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta ya alizeti, na kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikazuia kusafirisha mafuta ya mawese nje. Bei zikapaa, na baadaye mwaka huohuo zikaporomoka. Mkamuaji aliyekuwa na matangi yamejaa wakati ule aliandika faida ambayo haikuwa ya mitambo yake. Ukichukua faida ya mwaka wa namna hiyo na kuizidisha mara tano, unasema kwamba bahati ile itajirudia. Kwa kiwanda chetu tuseme faida iliyorekebishwa ya miaka mitatu inazunguka kwenye 800, hivyo tunaendelea nayo. Isingekuwa hivyo, ningetumia wastani wa miaka kadhaa na kuhakikisha kampuni za kulinganishia nazo zinapimwa kwa kipindi kilekile.

Sasa kizidishi. Binamu alikisikia tu, na hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam utakuta benki, bia, sigara na saruji, lakini mkamuaji wa mawese hayumo. Inabidi kutoka nje: Presco na Okomu za Nigeria, Palmci ya Kodivaa, au majitu kama Wilmar yaliyo kwenye soko la Singapuri. Kwa kila moja unaanza na thamani yake sokoni, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa, kisha unapanda daraja kwa kurudi nyuma: unaongeza madeni, unaongeza sehemu ya wanahisa wachache walio kwenye kampuni tanzu, unatoa fedha taslimu. Ukifika juu unagawa kwa EBITDA ya kampuni hiyo. Ile sehemu ya wanahisa wachache husahaulika sana. Kampuni mama inayomiliki asilimia 60 ya tanzu huandika faida ya tanzu yote, asilimia mia. Usipoongeza thamani ya ile 40 ya watu wengine, unagawa thamani ya pungufu kwa faida kamili, na kizidishi kinatoka kidogo kuliko ukweli.

Kuna kikwazo kingine ambacho kwa mawese ni cha pekee, na nitakaa hapo kidogo. Kampuni nyingi za mawese zilizoko sokoni zina mashamba yao. Kiwanda chetu hakina hata mchikichi mmoja. Kinanunua matunda kwa wakulima. Tangu 2016, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16 kinaitazama michikichi kama mitambo: gharama ya kuipanda na kuitunza mpaka ianze kuzaa, ambayo ni kama miaka mitatu au minne, huwekwa kwenye mali na kupunguzwa kidogokidogo kwa miaka ishirini na ushee. Kupunguzwa huko ni uchakavu, na uchakavu hauonekani kwenye EBITDA. Matokeo yake, kwa mwenye shamba sehemu ya gharama ya tunda imejificha chini ya mstari wa EBITDA, wakati kiwanda chetu kinalipa tunda lote juu ya mstari. Shilingi moja ya EBITDA ya mwenye shamba bado inadaiwa kupanda upya miti inayozeeka. Yetu haidaiwi hivyo. Kwa upande mwingine, mwenye shamba ana ardhi, na hakosi tunda mwaka ambao wakulima wameamua kuuza kwa mnunuzi mwingine. Hizo ni biashara mbili tofauti zinazouza mafuta ya rangi moja. Mimi ningependa zaidi wakamuaji wanaonunua malighafi, hata kama ni wa alizeti au pamba, kuliko wenye mashamba makubwa ya michikichi.

Halafu pango. Kampuni zinazofuata viwango kamili vya kimataifa, tangu 2019, huandika mikataba mingi ya pango kama deni, na kodi ya ghala au malori haitokei tena kama gharama ya kawaida. Inageuka uchakavu na riba. EBITDA yao ikavimba bila kuongezeka shilingi hata moja mkononi. Kiwanda chetu kinatumia viwango vya kampuni ndogo na za kati, ambamo kodi ya ghala lililoko karibu na bandari bado hutolewa moja kwa moja. Ukichukua kizidishi chao ulivyokikuta na kukitumia kwetu, unalinganisha faida isiyolipa kodi ya ghala na faida iliyokwisha kuilipa. Njia rahisi ni kuwarudisha wao kwetu: toa madeni ya pango kwenye thamani yao, toa malipo ya pango kwenye EBITDA yao, ndipo ugawe. Na kwetu, kwa kuwa kodi ya ghala imekwisha kutolewa kwenye ile 800, mkataba wa ghala hautaonekana tena kwenye daraja kama deni.

Tuseme baada ya usafi wote huo tumepata wakamuaji watano wenye vizidishi vya 4.1, 5.2, 5.8, 6.3 na 11.5. Wastani wao ni karibu 6.6, na huo ndio aliousikia binamu. Tazama kile cha mwisho. Kampuni yake haithaminiwi kuliko wenzake. Kiwanda chake kilisimama nusu mwaka, faida ikaanguka, bei ya hisa ikabaki kwa sababu wawekezaji walijua kitafunguliwa. Kigawanyo kidogo huzaa kizidishi kikubwa. Ukichukua namba ya katikati, 5.8, yule mmoja hana nguvu ya kuwavuta wenzake.

Hata 5.8 si ya kiwanda cha Mwandiga. Hizo ni kampuni kubwa, zenye hisa unazoweza kuuza asubuhi na kupata fedha zako siku chache baadaye, wateja wengi, viwanda zaidi ya kimoja. Chetu kina boila moja, meneja mmoja, na wanunuzi wachache mjini na ng'ambo ya ziwa. Kwa hayo ninashusha hadi 4.5, nikikubali kwamba mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kusema 4 au 5. Hakuna fomula ya hatua hii. Kuna wanaokupa asilimia kamili ya kupunguza kana kwamba waliisoma kwenye mizani. Ninaamini zaidi yule anayesema kiwango cha chini na cha juu, na sababu zake. Milioni 800 mara 4.5 ni milioni 3,600, yaani bilioni 3.6. Hiyo ndiyo thamani ya shughuli. Mpaka hapa hakuna aliyejua dada atapata nini.

Sasa daraja lenyewe. Kanuni yake ni moja, na nyingine zote ni matawi yake: kila kitu kihesabiwe mara moja, ama ndani ya faida uliyoizidisha, ama kwenye daraja. Kisikose kote, wala kisiwe kote kuwili.

Mkopo wa benki ni milioni 1,150, na unatoka wote. Kaka mkubwa naye aliikopesha kampuni milioni 200 miaka ya shida, na kuna karatasi. Wenzake hupenda kuliita hilo jambo la nyumbani. Hapana, ni deni kama deni lingine, na kaka ana haki ya kulidai mbele ya wenye hisa, akiwemo yeye mwenyewe kwa kofia yake nyingine. Halafu kuna yale ambayo hayana jina la mkopo lakini yatalipwa kwa fedha taslimu kwa ajili ya mambo yaliyokwisha kutokea: kodi ya mapato ya nyuma, michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi iliyochelewa, na riba iliyolimbikizwa. Jumla yake milioni 150. Kwenye mizania vitu hivi hulala katika mstari wa wadai wengine, pamoja na bili ya umeme na malipo ya walinzi, na usipofungua orodha hutaviona.

Upande wa kuongeza, nyumba ya Ujiji inarudi. Tuliondoa kodi yake kwenye faida, kwa hiyo thamani yake, milioni 250 kwa makadirio ya mthamini, inaongezwa hapa. Kama tungeiacha kodi ndani ya faida, tusingeiongeza nyumba.

Kisha linakuja jambo ambalo lingemwumiza dada bila yeye kujua. Katika ule mkopo wa benki, karibu milioni 400 zilichukuliwa kununulia mtambo wa kukamua kokwa. Mtambo umefika, umefungwa nusu, haujatoa hata lita moja ya mafuta. Deni lake lote limo kwenye daraja, lakini mapato yake hayamo kwenye ile 800. Tukiishia hapo tumemtoza dada gharama ya kitu ambacho faida yake wataila wenzake peke yao. Kwa hiyo mtambo unaongezwa kwa thamani yake ya sasa, milioni 380. Wako wanaopendelea kukadiria faida utakayoleta na kuizidisha. Mimi naona hiyo ni kuuza mafuta yaliyo bado ndani ya kokwa.

Fedha taslimu ndizo hudanganya kuliko vyote, kwa sababu zinaonekana kuwa namba isiyo na ubishi. Siku ya kufunga mwaka benki palikuwa na milioni 420. Tunaziongeza, sawa. Lakini wakulima walikuwa hawajalipwa matunda ya wiki kadhaa za msimu. Njia ya kulijua hilo si kutazama akaunti ya benki, bali kutazama mtaji wa mzunguko: akiba ya mafuta na matunda, pamoja na tunachowadai wateja, kutoa tunachodaiwa na wauzaji. Ukichukua miezi kumi na miwili, kiwanda hiki kwa kawaida huhitaji milioni 900 zilizolala humo ili kiendelee kukamua. Siku ile zilikuwa 640. Pungufu ya milioni 260 ndiyo fedha ya wakulima iliyokuwa ikipumzika kwenye akaunti ya kampuni. Wiki mbili baadaye itaondoka, na atakayebaki na kiwanda ndiye atakayeitoa. Kwa hiyo inakatwa. Kiwanda cha msimu kikipimwa siku moja bila hesabu hii, thamani ya hisa inaweza kupanda au kushuka kwa mamia ya mamilioni kwa kuchagua tarehe tu.

Tukiweka yote mahali pamoja, kwa mamilioni ya shilingi:

```
Thamani ya shughuli (800 x 4.5)         3,600
Mkopo wa benki                         -1,150
Mkopo wa kaka                            -200
Kodi ya nyuma, michango, riba            -150
Pungufu ya mtaji wa mzunguko             -260
Fedha taslimu                            +420
Nyumba ya Ujiji                          +250
Mtambo wa kokwa                          +380
Thamani ya hisa                         2,890
```

Kampuni ina hisa 10,000, hivyo kila moja ni shilingi 289,000, na hisa 4,000 za dada ni bilioni 1.156. Ni nusu ya kile binamu alichomwahidi. Sehemu ya tofauti hiyo imetoka kwenye kizidishi na marekebisho ya faida, na sehemu imetoka kwenye madeni ambayo hayakuguswa kabisa.

Bishano la kizidishi halijaisha, na ni vizuri familia ione linagharimu nini. Kwa 4, thamani ya shughuli ni 3,200 na ya hisa 2,490. Kwa 5, ni 4,000 na 3,290. Shughuli imepanda au kushuka kwa asilimia 11, hisa kwa karibu 14. Sababu ni kwamba benki haigawani nao kupanda wala kushuka: inadai 1,150 yake ileile. Kampuni yenye deni zito zaidi ingetikisika zaidi, na kuna kiwango cha deni ambapo tofauti ya 0.5 kwenye kizidishi inatosha kuifanya hisa iwe na thamani nzuri au isiwe na kitu.

Linabaki swali ambalo hesabu hii haiwezi kulijibu. Asilimia 40 isiyo na sauti ya mwisho, katika kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni, mgeni asingeinunua kwa asilimia 40 kamili ya thamani ya hisa, angetaka punguzo. Lakini tayari tumeshusha kizidishi kutoka 5.8 hadi 4.5, na moja ya sababu ilikuwa hiyohiyo ya hisa kutouzika kirahisi. Atakayekata tena kwa sababu hiyo amekata mara mbili. Kilichobaki ni ukosefu wa sauti, na hapo pa kutazama ni katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA. Katiba nyingi za kampuni binafsi huwapa wenye hisa waliomo nafasi ya kwanza ya kununua, na baadhi husema bei ikadiriwe bila kujali kama hisa ni nyingi au chache. Kama ya baba yao inasema hivyo, dada anauza kwa bilioni 1.156 bila punguzo. Kama imenyamaza, kaka zake wana hoja, ingawa ukubwa wa punguzo watapaswa kuutetea mbele ya mthamini wa dada, na kuanzia hapo mazungumzo ni yao.